Uzi: Nikosoeni slaidi za matembezi ya hisani kabla sijazirusha

MwanaMvita (Jumatatu, saa 3 usiku)

Salaam wana baraza. Sisi ni kikundi cha watu kumi na mmoja hapa kisiwani Mombasa, wengi wetu tulisoma pamoja. Jumapili ya pili ya Septemba tunafanya matembezi ya hisani kuchangia viti vya magurudumu kwa watoto sita wa shule maalumu iliyo mtaani kwetu. Lengo ni Sh 180,000. Mwenye kompyuta ni mimi, basi nikaangukiwa na kazi ya karuseli ya Instagram: njia, ahadi za mchango, usalama, vya kubeba, namna ya kujiandikisha. Nimetengeneza slaidi kumi na mbili.

Nilikuwa najiona fundi mpaka nilipomtumia mamangu moja kwa WhatsApp, ile ya njia. Akaniuliza, "Hii ni lini?" Nikamwambia tarehe iko kwenye slaidi ya kwanza. Akasema, "Hiyo ya kwanza mimi sikuletewa."

Nimenakili maneno ya zile mbili zinazonikosesha usingizi:

> NJIA YETU
> Fort Jesus – Nkrumah Road – Nyerere Avenue – Mama Ngina – Fort Jesus
> Kilomita 6+
> Tunaanza saa 6:30

> AHADI ZA MCHANGO
> Ahidi kiasi chochote kwa kila kilomita!
> Lipa kwa Till yetu (namba iko kwenye wasifu)

Semeni ukweli, sitanuna.

BembeaTena

Karuseli mnaiweka wapi hasa, pale Mama Ngina penye vibanda vya Idi? Wangu ana miaka minne, atapandishwa? Na mzunguko mmoja ni bei gani, maana Idi iliyopita nilimaliza nauli ya kurudi nyumbani.

MwanaMvita

Ndugu yangu, si bembea. Ni picha zinazofuatana Instagram, unazisukuma kwa kidole moja baada ya nyingine.

BembeaTena

Aah. Lakini bembea ingewaletea watu zaidi.

Bi_Tatu

Mwanangu, mamako amekupa jibu lote na wewe bado unauliza. Nimesimamia matembezi kama haya mara sita, mawili yakiwa ya kuaibisha, kwa hiyo nisikilize.

Karuseli ni karuseli ikiwa Instagram tu. Mtu akiipenda anapiga picha ya skrini ile slaidi moja anayoihitaji, anaitupa kwenye kundi la familia, na kutoka hapo inasafiri bila ndugu zake. Ya njia inakwenda kundi la wakimbiaji, ya vya kubeba inakwenda kwa kina mama, ya ahadi inakwenda kwa mjomba aliyeko Nairobi. Kwa hiyo kila slaidi lazima iweze kusimama peke yake. Chini ya kila moja weka mstari mmoja usiobadilika: matembezi ya nini, siku na tarehe, saa, mahali pa kuanzia, na namba moja ya WhatsApp ya kikundi. Mstari huo huo, mahali pale pale, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Utaona unachosha. Anayeuona mara kumi na mbili ni wewe uliyezitengeneza, mpokeaji anauona mara moja.

Ya pili, hiyo "saa 6:30". Unajua Waswahili wangapi watafika pale saa sita na nusu mchana? Mwaka mmoja sisi tuliandika hivyo hivyo. Wakaja watu wanane adhuhuri, wamevaa raba, na jua limesimama utosini. Sisi tulikuwa tumeshakunja meza. Andika "saa 12 na nusu asubuhi", na chini yake kwa herufi ndogo "simu yako itaonesha 6:30 asubuhi". Ziwepo zote mbili, maana vijana wenu wa siku hizi saa ya Kiswahili wanaihesabu kwa vidole.

Na slaidi kumi na mbili ni nyingi. Instagram inakubali hadi 20, lakini mtu anakupa tatu au nne tu. Punguza ziwe saba.

FundiRangi

Mimi kazi yangu ni kutengeneza mabango na kadi. Nakubaliana na Bi Tatu kuhusu ule mstari wa chini. Naongeza mawili. Tumia kipimo cha 1080 kwa 1350, ile ya kusimama, inachukua nafasi kubwa ya skrini kuliko mraba. Ukimaliza, usiangalie kazi yako kwenye kompyuta. Itume kwenye simu yako, nyoosha mkono, usome. Usichokisoma kwa mkono ulionyooka kifute au kikuze.

Kwenye kujiandikisha weka QR kila slaidi, watu waskani wamalize. Na Till ya M-Pesa iko sawa, sioni tatizo, jina la mtumaji linaonekana.

Bi_Tatu

Fundi, la kipimo umesema kweli, la QR hapana. Mtu ameishika simu yenye QR. Ataiskani kwa nini, simu ya jirani? Wapo wanaojua kuifungua kutoka kwenye picha iliyohifadhiwa, lakini shangazi yangu hayumo. QR ichapishwe kwenye karatasi, ibandikwe dukani, msikitini, kanisani, kwenye kaunta ya kinyozi. Ndani ya karuseli inakula nafasi tu. Na kiungo ukikiandika kwenye maelezo ya Instagram hakibonyezeki, inabidi kikae kwenye wasifu, na aliyepokea picha kwa WhatsApp huo wasifu haujui.

Njia iliyotufaa ni neno. "Tuma TEMBEA, jina lako na idadi ya watu kwa WhatsApp namba hii." Anayepokea ujumbe ndiye anayerudisha kiungo cha fomu. Asiyeweza fomu anaulizwa maswali manne pale pale na kujaziwa.

La Till nitarudi, kwanza nafunga duka.

KakaBamburi

La ahadi niacheni mimi, lilinichoma. Miaka kadhaa nyuma nilitembea kilomita kumi kuchangia mambo ya msikiti wetu. Nikampigia ami yangu, nikamwambia tunaahidi kwa kilomita. Akasema, "Niandike mia tano." Nikaandika mia tano kwenye safu ya kilomita. Matembezi yakaisha, nikampigia kumwambia deni lake ni elfu tano. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

Yeye alimaanisha mia tano, basi. Alilipa hiyo mia tano. Hadi leo tukikutana harusini ananiuliza mbele za watu kama bado natembea.

MwanaMvita

Hahaha pole Kaka. Lakini ndiyo hofu yangu. "Kiasi chochote kwa kila kilomita" kinavutia ila kinachanganya. Niondoe kilomita kabisa?

MzeeWaFeri

Vijana, mnazungumza rangi na pesa, njia hamjaitazama. Mimi nimefanya kazi upande wa feri miaka mingi, barabara hizo nazijua kama chumba changu.

Njia yenu mmeipanga kinyume. Mnatoka Fort Jesus, mnapita Nkrumah, mnashuka Nyerere, mnapinda Mama Ngina, mnarudi kupitia Kizingo. Huo mzunguko wote kona zake ni za kushoto. Kenya magari yanakwenda kushoto, na mtembea kwa miguu anatakiwa awe kulia ili aone gari linalomjia. Sasa ukiwa upande wa kulia kwenye mzunguko wa kona za kushoto, uko upande wa nje, na kila kona kubwa inakulazimisha uvuke. Ukiwa kushoto huvuki, ila magari yanakujia mgongoni.

Geuzeni. Tokeni Fort Jesus, shukeni kupitia Kizingo mpaka kwenye mnara wa taa, fuateni Mama Ngina kuelekea feri, pandeni Nyerere, pindeni kulia, rudini kwa Nkrumah. Kona zote sasa ni za kulia. Mkikaa mkono wa kulia mko upande wa ndani wa mzunguko, magari mnayaona usoni, na barabara kubwa hamuvuki hata mara moja. Mtavuka tu barabara ndogo zinazoingia. Jua nalo, mkiwa Mama Ngina mnaelekea magharibi, litakuwa mgongoni.

Halafu kibali. Mwezi mmoja kabla mpeleke barua ya kuomba kibali polisi, la sivyo mtatawanywa.

FundiRangi

Mzee hiyo ya kona sikuwahi kuifikiria hata siku moja. Lakini upande wa kulia Mama Ngina ukielekea feri unakuwa mbali na bahari! Ile njia ya kutembea na mabenchi yote iko upande wa bahari. Watu watakuja Mama Ngina wasipite ukingoni? Na picha?

MzeeWaFeri

Picha mpige mkimaliza.

FundiRangi

Mkimaliza mko Fort Jesus, mzee wangu.

Bi_Tatu

Nimerudi. Mzee, shikamoo, kwa la kona nakuvulia ushungi. La kibali turekebishane kidogo. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, kifungu cha 5, inataka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, na muda wake una pande mbili: siku zisipungue tatu na zisizidi kumi na nne kabla ya tukio. Ukipeleka mwezi mzima kabla uko nje ya muda, tena unarudi nyumbani ukidhani umemaliza. Barua iwe na jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na njia. Saa zenyewe ni kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni, kwa hiyo kuanza kwenu kumo ndani. Mimi hupeleka siku kumi kabla, nakala mbili, moja inagongwa muhuri narudi nayo. Nakala hiyo hukaa na msimamizi wa mbele siku ya siku.

Hili linagusa slaidi pia. Usirushe ya njia kabla barua haijapokelewa. Wakikwambia hamtapita Nyerere kwa sababu kuna shughuli nyingine, slaidi ya zamani hutaifuta kwenye simu za watu. Rusha kwanza ya tarehe na ya kujiandikisha, njia ifuate. Na ukibadilisha chochote baadaye, usifute kimyakimya. Toa mpya yenye rangi tofauti na maneno "NJIA MPYA", ili akiwa nazo mbili ajue ya kushika.

Sasa pesa. MwanaMvita, kilomita usiziondoe. Kilomita ndizo zinazomfanya mtu ajihisi amekulipa kwa jasho lako. Tatizo ni kwamba slaidi yako haikumpigia hesabu. Kilomita zenu ni ngapi hasa?

MwanaMvita

Hapo napo. Jumapili iliyopita tulipita wawili. Simu yangu ilisema 6.2, saa ya mwenzangu ikasema 6.7. Ndiyo maana nikaandika "6+".

Bi_Tatu

Basi funga. Andika "hesabu ya ahadi ni kilomita 6 kwa kila mtu", na saa ya mtu iseme itakavyo. Kupima kwa simu katikati ya majengo huyumba, na hiyo nusu kilomita ikizidishwa kwa wachangiaji mia mbili ni ugomvi. Anayeishia njiani je? Amua leo na uandike. Sisi tulisema aliyeanza amehesabiwa zote, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumdai mama mjamzito ushahidi.

Kisha mpe mtu jibu badala ya kumwachia hesabu:

> Sh 20 kwa kilomita, jumla utalipa Sh 120
> Sh 50 kwa kilomita, jumla utalipa Sh 300
> Sh 100 kwa kilomita, jumla utalipa Sh 600
> Au taja jumla unayotaka. Tutakuuliza mara mbili kabla ya kuandika.

Ule mstari wa mwisho ni kwa ajili ya ami yake Kaka. Anayeandika ahadi asome tena kwa sauti: "Kwa hiyo jumla yako ni mia tatu, siyo?" Akisema ndiyo, andika ile jumla. Ile ya kwa kilomita iache isahaulike.

KakaBamburi

Ningelijua haya ningekuwa bado natumiwa pilau.

Bi_Tatu

Sasa lengo lenu la 180,000. Tuchukue kila mtembeaji ana wachangiaji watano, na kila mmoja Sh 300. Mtembeaji mmoja analeta ahadi ya 1,500. Gawanya, unapata watembeaji 120, unafurahi. Usifurahi. Ahadi si pesa. Mimi hupanga kwa robo tatu tu ya kilichoahidiwa, hiyo ni desturi yangu na wengine wana yao. Kwa robo tatu mnahitaji ahadi za 240,000, yaani watembeaji 160. Hiyo ndiyo namba ya kupangia maji na wasimamizi.

Ada ya kujiandikisha mmeweka?

MwanaMvita

Sh 300, inanunua fulana na maji.

Bi_Tatu

Imeandikwa kwenye slaidi kwamba hiyo mia tatu ni ya fulana na maji, haiendi kwenye viti? Mtu akidhani ameshachangia watoto kwa ada yake, hatatafuta hata mchangiaji mmoja. Ziwekwe slaidi mbili tofauti, kila pesa na kazi yake.

Na Till. Fundi, jina la mtumaji linaonekana, kweli. Lakini mtumaji ni ami, na aliyetembea ni Kaka. Ukipata malipo sitini ya ami na shangazi, utajuaje nani amelipa ahadi ya nani? Paybill ina nafasi ya kuandika akaunti, pale mchangiaji anaandika namba ya mtembeaji, tuseme T047, na daftari linajijaza. Till haina nafasi hiyo. Na wanaotumia Paybill ya benki, mara nyingi ile nafasi inaliwa na namba ya akaunti ya kikundi, kwa hiyo hapo napo T047 haina pa kukaa.

MwanaMvita

Bi Tatu tumebakiwa na majuma matatu, Paybill yetu wenyewe sidhani kama tutawahi. Na Till ni ya jina la kikundi, watu wanaliona kabla ya kutuma.

Bi_Tatu

Basi baki na Till, fanya hivi. Kila malipo ya M-Pesa yana msimbo wa herufi na tarakimu kumi mwanzoni mwa ujumbe. Mchangiaji akilipa anamtumia mtembeaji wake ule ujumbe. Mtembeaji anaunakili msimbo kwenye karatasi yake mbele ya jina, na Jumapili inayofuata anakabidhi karatasi. Mweka hazina anaoanisha misimbo na taarifa ya Till. Jina, jumla, msimbo: safu tatu tu. Msimbo usiooana unaonekana mara moja, kabla maneno hayajaanza kusemwa nyuma ya mlango.

Na namba ya Till iandike kwenye slaidi yenyewe pamoja na jina litakalotokea kwenye simu. "Ukiona jina jingine, usitume." Picha huhaririwa, mwanangu. Mtu anafuta namba yako anaweka yake, na slaidi nzuri uliyoitengeneza inamfanyia kazi yeye.

MzeeWaFeri

Nimekubali kusahihishwa kuhusu barua. Zamani tulikuwa tunapeleka mapema.

Nirudi njiani. Mkifika karibu na feri msisimame. Feri ikishusha watu wanapanda Nyerere kama mchanga uliomwagwa, wanaelekea huko huko mnakoelekea nyinyi. Jumapili asubuhi ni afadhali kuliko siku ya kazi, lakini mikokoteni na matatu zipo. Kundi lenu la watu mia na sitini litachanganyika na abiria, na mtoto akipotea ni pale. Wekeni wasimamizi wawili kwenye kona ya kutoka Mama Ngina, wenye bendera ndefu, si fulana ya rangi tu. Fulana haionekani kwenye umati, bendera inaonekana. Na watu waachiliwe kwa makundi ya ishirini ishirini, dakika tatu baina yao, hapo Fort Jesus. Mia na sitini kwa pamoja wataijaza njia ya miguu, na walio nje wataingia barabarani.

MwanaMvita

Makundi manane, dakika tatu tatu. La mwisho litaondoka dakika ishirini na moja baada ya la kwanza. Inawezekana.

KakaBamburi

Wakati mwingine si muende mpaka Likoni kwa feri na kurudi? Kwa mguu ni bure, na ingependeza.

MzeeWaFeri

Utawagawa watu wako kwenye feri mbili, wengine Likoni wengine kisiwani, na wasimamizi wako huku wanahesabu vichwa. Hapana.

MwanaMvita

Nimeandika upya ya usalama na ya vya kubeba. Zamani zilikuwa mbili zenye vipengele ishirini na kimoja, sasa ziko hivi:

> USALAMA
> Kaa mkono wa kulia wa barabara, magari uyaone usoni.
> Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kuuma, simama kivulini, mwite mwenye bendera. Usisubiri kumaliza.
> Mtoto wa chini ya miaka 12 ashikwe mkono na mtu wake, hasa karibu na feri.
> Dharura: namba ya msimamizi mkuu (kwenye mstari wa chini), au 999.

> BEBA
> Chupa ya maji ya nusu lita, tutakujazia mnara wa taa na mwanzo wa Nyerere.
> Kofia au leso. Raba ulizoshazizoea.
> Simu yenye chaji, na dawa zako kama unazo.

Bi_Tatu

Sasa umeandika. "Raba ulizoshazizoea" ndiyo kauli bora ya slaidi nzima. Kila mara kuna mmoja anayenunua mpya Jumamosi na kuvua Mama Ngina.

Moja la kuongeza. Mwenye kizunguzungu anayejibu vizuri mpe kivuli na maji anywe kidogo kidogo. Anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka au mwili umekuwa moto na anayumba, huyo si wa kumpa maji mdomoni. Mmwagieni maji, mpepeeni, gari iende hospitali. Hili si la karuseli, ni la wasimamizi wako, wasomee Jumamosi jioni. Na gari hilo liwepo kweli, na dereva awe macho.

Kuhusu hizo slaidi, "dharura 999" iache, lakini namba ya msimamizi itangulie kama ulivyofanya. Yeye ndiye anayejua uko kona gani.

FundiRangi

Fomu je? Nimeifungua ile ya majaribio, inauliza namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na dini. Dini ya nini, mnatembea au mnaoa?

MwanaMvita

Nilinakili fomu ya mtu 🙈

Bi_Tatu

Futa. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na kabla ya sheria kuna aibu. Unahitaji jina, simu, saizi ya fulana, na jina na simu ya wa kupigiwa likitokea jambo. Mtoto aandikishwe na mzazi au mlezi, na pawe na kisanduku cha kukubali picha zake kupostiwa, chenye "hapana" inayobonyezeka. Nyinyi mnachangia watoto wenye ulemavu, mtakuwa wa mwanzo kusahau kwamba wao pia wana haki ya kutopigwa picha.

Saizi za fulana zifungwe Jumatano ya juma moja kabla, mchapaji asikuchezee. Wanaochelewa watembee, fulana hawatapata, na slaidi iseme hivyo waziwazi.

BembeaTena

Samahani, nimesoma uzi wote. Kama mtoto wa miaka minne anakubaliwa kutembea, sisi tunakuja. Ila kilomita sita atabebwa nne.

MwanaMvita

Karibuni sana. Njooni na kigari chake kama mnacho, njia ya miguu ya Kizingo ina sehemu zilizovunjika lakini panapitika. Tutakuandikia T001.

Kwa hiyo saba zangu: tarehe na sababu, kujiandikisha, njia, ahadi, ada na Till, usalama, vya kubeba. Mbili za mwanzo narusha kesho. Njia narusha barua ikishagongwa muhuri. Kilichobaki ni upande wa bahari.

FundiRangi

Upande wa bahari. Mvuke mara mbili tu, kwenye mnara wa taa na kabla ya feri, na wasimamizi wawili kila kivuko.

MzeeWaFeri

Mara mbili kwa makundi manane ni mara kumi na sita kusimamisha magari. Mimi nasema upande wa ndani, chini ya mibuyu, kuna na kivuli.

Bi_Tatu

Tembeeni Jumapili hii saa 12 na nusu asubuhi, nyote watatu, mhesabu magari mnayokutana nayo. Mkimaliza kuna mahamri kwangu, na mbaazi, lakini zikiisha zimeisha.

MzeeWaFeri

Nitakuwa mnara wa taa saa 12 na robo. Fundi asije na kamera kwanza.

FundiRangi

Nitakuja nayo.